Duka Linapobadilisha Mkono: Mteja Aambiwe Nini?



Juma hili tunalizungumzia jambo linalotokea mara nyingi katika mitaa yetu, nalo ni biashara ya mama kupokewa na mtu mwingine. Mshonaji amechoka macho, mpishi wa harusi anahamia kwa mwanawe, muuza manukato ameamua kupumzika. Kazi huuzwa au hukabidhiwa, kisha wateja hutumiwa ujumbe wa mstari mmoja: "Tumebadilisha uongozi, huduma ni zile zile, karibuni nyote." Ujumbe huo una adabu, lakini haumjibu mteja hata swali moja kati ya yale yanayomkosesha usingizi. Yeye anataka kujua nguo yake iko wapi, arbuni aliyolipa imo mikononi mwa nani, apige simu gani, na nani sasa anavijua vipimo vya mwili wake.

Tutwae mfano wa mshonaji wa Mji wa Kale, Mombasa, anayeshona mabuibui na nguo za harusi nyumbani kwake. Amekubaliana na mpwa wake, aliyejifunza kazi kwake, kwamba ataichukua biashara pamoja na vyerehani tarehe 1 Novemba. Siku wanapokubaliana, ziko nguo 14 ambazo hazijamalizika. Bei ya zote ni shilingi 46,000, na wateja wamekwisha kutoa arbuni ya shilingi 21,000.

Hapa ndipo penye uzito wa tangazo lote. Mpwa atashona nguo za shilingi 46,000, lakini wateja watakapokuja kuzichukua watamlipa 25,000 tu, kwa kuwa zilizobaki alikwisha kuzipokea shangazi. Ikiwa wawili hawa hawakulisema jambo hili mapema, mpwa atajiona anafanya kazi ya bure, na mteja ataambiwa lile neno baya kuliko yote: "Hizo pesa ulimpa mwenyewe wa zamani, kamuulize yeye." Kwa hiyo kabla ya kuandika neno moja kwa wateja, daftari lifunguliwe. Kila nguo iandikwe jina la mwenyewe, bei, kilicholipwa, kilichobaki, na siku ya kuchukua. Katika mfano wetu, shangazi alikwisha kununua vitambaa na nakshi vya shilingi 9,000 kutoka katika ile arbuni. Basi atamkabidhi mpwa vitambaa hivyo pamoja na shilingi 12,000 taslimu, au hizo 12,000 zikatwe katika bei ya vyerehani. Hapo hesabu imekuwa safi, na mpwa anaweza kumwambia mteja bila kusita kwamba arbuni yake inatambuliwa.

Sheria ya Kenya nayo ina la kusema. Iko sheria ya uhamishaji wa biashara, Sura ya 500, ambayo kwa kawaida humtwika anayeipokea biashara madeni ya yule aliyeiacha, isipokuwa ilani ya uhamisho imetolewa kwa njia iliyowekwa, ikiwemo kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ujumbe wa simu kwa wateja si ilani hiyo. Mpokeaji asidhani kwamba kusema "madeni ya zamani si yangu" kunamvua dhima. Biashara ikiwa kubwa, au ikiwa na madeni ya maduka ya vitambaa, wamwone wakili kabla ya kutia saini. Na kwa upande wa dini, deni haliondoki juu ya shingo ya mdaiwa kwa makubaliano ya watu wawili pembeni. Mwenye haki huambiwa na huridhia. Wale wateja 14 ndio wenye haki.

Kwa sababu hiyo, hao 14 wapigiwe simu mmoja mmoja kabla ya tangazo la jumla, na anayepiga awe shangazi mwenyewe, kwani sauti yake ndiyo wanayoiamini. Amtajie kila mmoja nguo yake, alicholipa na siku aliyoahidiwa, kisha amuulize: je, uko radhi mpwa wangu amalizie, au nikurejeshee arbuni yako? Asiyeridhika arejeshewe, na kitambaa chake apewe. Baada ya simu hizo, na wiki mbili au zaidi kabla ya siku ya makabidhiano, ndipo watumiwe wateja wote. Shangazi anaweza kuandika hivi:

"Assalaam alaykum wateja wangu wapenzi. Kuanzia tarehe 1 Novemba kazi ya ushonaji niliyokuwa nikiifanya itakuwa mikononi mwa mpwa wangu, ambaye wengi wenu mmemwona akishona pamoja nami. Mahali ni pale pale, na saa za kazi ni zile zile. Nguo zote zilizokwisha kuagizwa atazimaliza kwa bei na siku tuliyokubaliana, na arbuni mliyonilipa inahesabiwa kamili. Maagizo mapya kuanzia siku hiyo bei yake atawaambia yeye. Duka litakuwa na nambari mpya ya simu, nayo nitawasomea mwenyewe mkinipigia katika nambari hii mliyoizoea. Nambari hii itabaki yangu, nami nitaijibu hadi mwisho wa Desemba kwa yeyote mwenye swali kuhusu nguo yake. Kuanzia tarehe 1 Novemba msitume tena malipo ya nguo katika nambari hii. Vipimo vyenu vimo katika daftari langu. Asiyetaka vikabidhiwe, aniambie kabla ya siku hiyo nami nitauchana ukurasa wake. Ahsanteni kwa miaka yote mliyoniamini."

Tazameni kwamba tangazo hili halisemi "hakuna kitakachobadilika". Neno hilo ni rahisi kuliandika na ni gumu kulitimiza. Mkono umebadilika, na mshono wa mtu hufanana na mwandiko wake. Lililo salama ni kutaja yanayobaki, kutaja yanayobadilika, na kuweka tarehe. Mteja akipandishiwa bei mwezi wa Novemba baada ya kuahidiwa kwamba yote ni vile vile, atahisi amedanganywa hata kama nyongeza yenyewe ni ya haki.

Pengine mtauliza kwa nini shangazi asimwachie mpwa laini yake ya simu, ili wateja wasihangaike. Wengi hufanya hivyo, na tatizo huchelewa kuonekana. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha shangazi, na pesa zote zitakazoingia M-Pesa ya laini hiyo zitakuwa katika akaunti yenye jina lake. Akiitwa na Mola wake, warithi watazikuta pesa hizo na watazihesabu katika mirathi, nao hawatakuwa wakosa. Mpwa atabaki kutafuta mashahidi kwamba zilikuwa za nguo alizozishona yeye. Kadhalika iwapo shangazi atapoteza kitambulisho au simu ikifungwa, ni yeye tu awezaye kuifungua. Ikiwa nambari ile imeandikwa katika kila kadi na haiwezekani kuiacha, waende wote wawili katika duka la kampuni ya simu na vitambulisho vyao, usajili uhamishwe kwa jina la mpwa. Nambari ya Lipa na M-Pesa nayo isiendelee kutumika kwa jina la aliyeondoka. Mpwa aombe yake.

Tena yako matapeli. Tangazo la nambari mpya ndilo vazi wanalolipenda zaidi. Mtu husikia kwamba duka fulani linabadilisha mkono, akawaandikia wateja: "Nambari yetu imebadilika, malizia malipo yako hapa leo, nguo iko tayari." Ndiyo maana katika mfano wetu shangazi hakuitandaza nambari mpya katika ujumbe unaosambazwa kutoka simu hadi simu, bali amewataka wateja wampigie kwa nambari ya zamani. Na wewe mteja, unapopokea habari kama hiyo, usipige nambari iliyokuja na ujumbe. Piga ile uliyokuwa nayo. Unapotuma pesa kwa nambari ya mtu, jina la mpokeaji huonekana kabla hujathibitisha. Likiwa si jina uliloambiwa kwa sauti unayoifahamu, simama hapo hapo. Anayekuharakisha ulipe leo, hali nguo yako ni ya mwezi ujao, amekwisha kujitambulisha.

Limebaki la daftari la vipimo, ambalo wanaume wetu huenda wasilione kuwa ni jambo. Mwanamke aliyempa fundi wake upana wa kifua na kiuno alimpa yule mwanamke, katika chumba kile, mlango umefungwa. Hakuliuzia duka. Mpokeaji akiwa ni mwanamume, au akiwa ana mafundi wa kiume, tangazo lazima liseme hivyo waziwazi na lieleze nani atapima. Hata akiwa ni mwanamke, ridhaa iulizwe kama ilivyoulizwa katika barua ile. Jambo hili si la haya peke yake, kwa kuwa Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, na msingi wake ni huo huo: taarifa aliyoitoa mtu kwa kazi moja haichukuliwi kwa nyingine pasina yeye kujua.

Na zaidi ya daftari, ziangaliwe picha. Simu ya mshonaji wa harusi imejaa picha za mabibi harusi waliojaribu nguo zao bila mtandio, walizotumiana ili kurekebisha mshono. Simu ile ikikabidhiwa kama chombo cha kazi, picha hizo zimekabidhiwa pia, pamoja na mazungumzo yote ya WhatsApp. Shangazi azifute, azifute na katika hifadhi ya nakala, kisha ampe mpwa picha za nguo peke yake zikiwa zimetundikwa. Hilo nalo linafaa kutajwa kwa wateja kwa mstari mmoja, kwani wako wanaolifikiria na wanaona haya kuuliza.

Siku ya makabidhiano yenyewe, waketi wawili na daftari mbele yao, wapitie nguo 14 moja moja, kila moja ikishikwa kwa mkono. Watie saini ukurasa wa mwisho mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Mteja atakayekuja na stakabadhi yenye mwandiko wa shangazi ataonyeshwa mstari wake katika daftari, na arbuni yake imeandikwa pale pale.

Wabillahi tawfiq.