Dakika mbili za kuomba pesa: Anzia mwisho

Mwezi uliopita binti mmoja wa Chaani, hapa Changamwe, alinitumia video yake ya kuwashawishi wawekezaji. Ilikuwa imekataliwa. Aliniuliza, "Kaka, kwani wazo langu ni baya?"

Wazo si baya hata kidogo. Ana laini moja ya simu. Wapangaji wa ploti wanamtumia ujumbe mfupi, yeye anazikusanya oda za ploti nzima, kisha mkokoteni unakwenda mara moja na mitungi 20 badala ya kuzunguka mtaa mzima kutafuta mteja wa mtungi mmoja. Shida ilikuwa skripti. Sekunde 70 za kwanza alieleza jinsi Mombasa inavyotegemea maji ya Baricho, Mzima na Marere. Ombi lilipata sekunde nane: "Tunaomba mtushike mkono tukue."

Vijana wengi tunakosea hapo. Tunaandika kuanzia juu, maneno yanatuishia, ombi linabanwa mlangoni kama utingo wa matatu. Mimi nasema andika ombi kwanza, kisha rudi nyuma.

Tulikaa tukaandika upya. Kwa kasi ya mazungumzo ya kawaida, dakika mbili zinabeba maneno kama 220 hivi ya Kiswahili. Ukiandika 350 utakimbia na hakuna atakayekuelewa. Tukagawa: shida sekunde 30, bidhaa sekunde 50, ombi sekunde 40.

Ombi lake la awali lilikuwa Sh600,000 kwa asilimia 10 ya biashara. Mwekezaji akisikia hivyo, anapiga hesabu kichwani: kumbe unasema biashara nzima ina thamani ya Sh6 milioni. Sasa tazama vitabu vyake. Ana mikokoteni miwili, kila mmoja unapeleka mitungi 60 kwa siku. Akishamlipa msukumaji na maji yenyewe, hubakiwa na Sh5 kwa mtungi. Hiyo ni Sh600 kwa siku, kama Sh18,000 kwa mwezi. Kwa faida hiyo, Sh6 milioni ni kazi ya zaidi ya miaka 27. Hapo wazo zuri linaonekana ndoto.

Tukauliza swali jingine: ni nini hasa kinachomzuia leo? Jibu ni mikokoteni. Oda anazikataa kila jioni. Minne zaidi, pamoja na mitungi yake, ni Sh140,000. Msichana wa kupokea oda kwa miezi sita, Sh90,000. Muda wa maongezi, Sh10,000. Jumla Sh240,000. Mikokoteni sita ikifanya kazi kama hii miwili, faida inafika Sh54,000 kwa mwezi kabla ya mshahara huo kuendelea. Akitenga nusu kulipa, deni linaisha kwa takriban miezi tisa. Kwa hivyo ombi likawa mkopo, si hisa. Usiseme "msaada" kama unataka mkopo, wala "mkopo" kama unauza hisa. Ni vitu vitatu tofauti, na anayesikiliza anatofautisha.

Ombi lilipokamilika, shida ikajiandika yenyewe, maana ilibidi ihusu kile tu ambacho pesa hizo zinatatua. Skripti sasa inaanza hivi: "Jana jioni nilikataa oda za mitungi 85. Wateja walikuwa na pesa mkononi. Mimi sikuwa na mkokoteni." Mwekezaji haambiwi tena kwamba Mombasa ina kiu. Hilo analijua.

Bidhaa nayo haielezwi, inaonyeshwa. Simu inaingia ujumbe, daftari linajazwa, mkokoteni unaingia ploti, malipo ya M-Pesa yanalia. Sauti inasema tu yale picha haiwezi kusema: idadi, bei, faida.

Wapo watakaosema hesabu zinaua hisia. Mimi naona kinyume. Zile oda 85 zina uchungu kuliko hotuba yoyote. Lakini kuna sharti: ziwe kweli. Binti huyu alitaka kusema 200, "kunogesha tu." Nikamwambia, mtu akipenda video yako, kitu cha pili atakachotaka ni daftari lako na taarifa ya M-Pesa. Uongo wa dakika mbili unafia hapo.

Na ukimaliza, fanya jaribio hili. Mwonyeshe video mtu asiyekujua, kisha muulize: nataka shilingi ngapi, za kununua nini, na utarudishiwaje? Akikwama kwenye moja, usiguse kamera. Rudi kwenye karatasi.

Binti wa Chaani ametuma tena wiki hii. Majibu bado. Lakini safari hii, akikataliwa, atajua wamekataa biashara yake yenyewe, si kigugumizi chake.