Ngano ya Basotu: Wasifu wa meneja uonyeshe magunia, si spana

Mwenye mtaji anayekodi shamba la ngano katika ukanda wa Basotu, wilayani Hanang, hununua mbegu, mbolea na dizeli kwa bei inayojulikana. Kitu kimoja tu hukinunua gizani, nacho ni meneja wa shamba. Hapo hukabidhiwa karatasi mbili tatu za wasifu, na mara nyingi karatasi hizo humweleza fundi hodari, wala hazimwelezi meneja.

Chanzo chake kipo katika historia ya eneo lenyewe. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang. Yalifika saba, yakiwemo Basotu, Setchet na Mulbadaw, na kila moja lilikuwa na maelfu ya hekta. Kilimo kilikuwa cha mashine kubwa, na Watanzania wengi walifundishwa ufundi wa mitambo na ubwana shamba, baadhi yao huko huko Kanada. Msaada huo ulikoma mwaka 1993. Mtu aliyezoea kuulizwa kama trekta limepona akaanza kuulizwa kama shamba limevunwa. Mashamba yalibadilika mikono baadaye, lakini njia ya kupanda cheo haikubadilika: meneja bado hutoka karakana au bustani ya majaribio.

Tofauti ya maswali hayo mawili ni fedha. Ngano iliyokwisha kukauka haingoji. Kwelea kwelea huishukia, punje hupukutika, na mvua ikiikuta shambani huanza kuota ikiwa bado kwenye suke. Ngano ya namna hiyo hutoa unga mbovu, na wenye vinu huikataa au huinunua kwa bei ya chakula cha mifugo. Kwa hiyo siku za kuvuna ndizo kipimo cha kwanza cha meneja.

Chukua mfano wa shamba la hekta 400 lenye kombaini mbili. Kila kombaini ikivuna hekta 12 kwa siku, shamba litakwisha katika siku 17 hivi. Ikitokea kila mashine inasimama theluthi moja ya muda kwa kukatika mkanda au kungoja beringi kutoka Arusha, siku hizo hufika 25 au zaidi. Ndani ya siku hizo nane za ziada ndimo hasara hukaa.

Sasa fundi mkuu wa shamba hilo amefanywa meneja, na baada ya misimu mitatu anaomba kazi kubwa zaidi. Wasifu wake unasema: "Kutengeneza kombaini na matrekta. Kuagiza vipuri. Kusimamia mafundi 6 na madereva 4." Yote ni kweli, lakini mwenye mtaji hapati jambo la kumsaidia kuamua. Kuagiza vipuri ni kazi. Je, vilifika kabla ya mavuno au baada?

Wasifu huo huo ukiandikwa upya ungesomeka hivi: "Akiwa na kikosi cha mafundi 6 na madereva 4, na kombaini zile zile 2, muda wa kuvuna hekta 400 ulishuka kutoka siku 27 hadi 18 katika misimu mitatu. Vipuri vya kombaini viliagizwa wakati wa kupanda. Ngano iliyobaki chini nyuma ya mashine ilishuka kutoka kilo 150 hadi 60 kwa hekta, baada ya madereva kufundishwa kurekebisha feni na chekeche wao wenyewe. Mafundi 2 sasa wanaendesha karakana bila yeye."

Msomaji wa ukurasa huu anaweza kupiga hesabu papo hapo. Kilo 90 zilizookolewa katika kila hekta, mara hekta 400, ni tani 36, yaani magunia 360 ya kilo 100. Zidisha kwa bei ya soko ya wiki hii na thamani ya meneja itaonekana bila kuongezewa sifa yoyote. Kazi za ufundi hazifutwi. Hushushwa chini ya ukurasa katika mstari mmoja, zioneshe kwamba mtu huyu hadanganywi na dereva.

Hata hivyo, karatasi huandikika. Ngano iliyobaki chini inaweza kuhakikiwa na mtu yeyote anayejua kuhesabu. Pima mita moja ya mraba mahali ambapo kombaini imepita, katikati ya njia yake na pembeni pia, kwa sababu mashine hurundika zaidi katikati. Hesabu punje, tafuta wastani, kisha toa zile zilizokuwa zimepukutika kabla ya mashine kufika, ambazo huonekana katika ngano isiyovunwa. Kwa punje za ukubwa wa kawaida, 270 kwa mita ya mraba ni karibu kilo 100 kwa hekta. Siku za kuvuna nazo zimo katika daftari la shamba, na mita ya saa ya kombaini hueleza ilifanya kazi muda gani. Meneja ambaye hana daftari hana matokeo ya kuonyesha, hata kama aliyapata.

Takwimu moja inastahili kutiliwa shaka zaidi ya nyingine, nayo ni mavuno kwa hekta. Mtu akiandika kwamba kikosi chake kilipandisha mavuno kutoka tani moja na nusu hadi mbili, swali la kwanza ni kuhusu jirani. Ikiwa mashamba ya pembeni nayo yalipanda kwa kiasi hicho msimu ule ule, aliyefanya kazi ni mvua. Mwombaji mwaminifu huandika tofauti kati yake na jirani, au hutaja mambo ambayo mvua haiyaamui.

Kosa la pili ni la fundi asiyetoka chini ya mashine. Cheo kimebadilika, lakini kila kombaini ikikwama bado ni yeye anayeshika spana huku malori yakingoja bila maelekezo. Dalili yake katika wasifu ni kwamba kila mafanikio ni yake na hakuna hata mmoja wa chini yake aliyepanda. Mwulize siku alipougua, nani alivunisha. Akikosa jibu, anayeajiriwa ni fundi mmoja kwa mshahara wa meneja.

Basotu inatoa fundisho jingine ambalo magunia hayalionyeshi. Wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho mashamba hayo yalipofunguliwa, na mgogoro wa NAFCO na kijiji cha Mulbadaw ulifika hadi Mahakama ya Rufani, iliyotoa uamuzi mwaka 1985. Shamba lenye kesi na majirani lina gharama ambayo haimo katika tani kwa hekta. Kwa hiyo meneja wa huku aeleze pia njia za mifugo alizoacha wazi na madai ya mazao kuliwa yaliyomalizwa kijijini, kwa idadi.

Mwenye mtaji aliye makini hatamkataa fundi. Atamrudishia wasifu wake na kumtaka mambo manne: hali aliyoikuta, hali aliyoiacha, kikosi alichokuwa nacho, na jirani wa kulinganisha naye. Anayeweza kuyajaza mambo hayo kutoka katika daftari lake anastahili kukabidhiwa dizeli ya msimu. Asiyeweza arudi karakana, ambako mshahara mzuri wa fundi bado unamngoja.