Wacheni Kushusha Bei Kila Wiki, Kitu Yako Haijaonekana

Leo naongea na wasee wa kuuza mtumba kwa simu, haswa wa hapa Kware na Pipeline, kwa sababu tumefundishana ujinga mmoja. Kitu ikikaa wiki bila kuuzwa, kila mtu anakwambia, "Shusha bei." Wiki ya pili, "Shusha tena." Picha ni ile ile, maneno ni yale yale, bei tu ndiyo inateremka kama lifti. Mimi nasema huo si ubiashara. Hapo unamlipa mteja ili asikuulize maswali uliyokataa kujibu.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo, na ilikuwa pesa ya rent.

Nilinunua jaketi moja Gikomba, fasti kamera, mia nane. Weka nauli ya kwenda na kurudi, sabuni, na fundi wa kubadilisha kichwa cha zipu, ikafika kama thao moja. Nikaiweka Facebook Marketplace na status ya WhatsApp kwa 1,800. Picha ilikuwa moja, niliipiga saa mbili usiku nikiwa nimeitandaza kitandani. Maneno: "Jaketi poa sana, iko fiti, bei inboksi." Ndiyo hiyo tu.

Wiki ya kwanza, kimya. Nikashusha hadi 1,600. Wakaja wawili, wakauliza "saizi gani?", nikawajibu "ni kubwa," wakapotea. Nikashusha 1,400, halafu 1,200. Hapo mmoja wa wale wawili akarudi. Nikafurahi, kumbe ananiandikia, "Nimeona inashuka, nangoja ifike thao."

Soma hiyo tena. Huyo jamaa alikuwa anaitaka jaketi. Mimi mwenyewe ndiye nilimfundisha kungoja. Kila nikishusha namwambia kwamba kesho itakuwa rahisi zaidi, na pia namwambia kuna shida mahali, maana kitu inayokimbia bei hivyo lazima ina kasoro. Na yule ambaye hakuelewa jaketi ni ya nani kwa 1,800, bado hakuelewa kwa 1,200. Nilikuwa nimepoteza mia sita bila kujibu swali hata moja.

Basi nikafuta lile tangazo. Sikuacha la zamani likiendelea, kwa sababu mtu akiona matangazo mawili ya kitu moja na bei mbili, atashika ile ya chini. Nikakaa na jaketi siku mbili kabla ya kuirudisha, nikaiangalia kama mnunuzi.

Cha kwanza, mwanga. Mnajua keja zetu za huku. Dirisha inaangalia ukuta wa ploti ya jirani, taa inawashwa mchana. Balbu ya manjano ilifanya jaketi ya bluu iliyoiva ionekane nyeusi iliyochakaa. Nikapanda rufu, kwenye kamba za nguo, saa tatu asubuhi, nikasimama upande wa kivuli. Jua la moja kwa moja linachoma rangi, kivuli cha mchana kinaionyesha vile iko. Halafu nikashika simu usawa wa kifua cha jaketi. Ukipiga kutoka juu, mabega yanakuwa mapana na chini panakuwa padogo, na nguo inaonekana imekosa shepu.

Cha pili ndicho watu huruka: hii kitu ni ya nani? "Jaketi poa" si ya mtu yeyote. Nikaweka mdomo kwenye kitambaa nikapuliza kwa nguvu. Pumzi haikupita. Ndani kuna bitana nzito, na zipu ina kifuniko juu yake. Hiyo si jaketi ya kwenda kupiga sherehe. Ni ya mtu anayekula upepo wa Outering Road saa kumi na moja alfajiri. Na tulikuwa tunaingia Julai, mwezi wa baridi Nairobi.

Nikamuita jirani yetu wa fourth floor, ana nduthi. Akaivaa, akakaa kwenye pikipiki, akanyoosha mikono kama anaendesha. Hapo ndipo nikapiga picha ya maana, ya upande, kwa sababu mtu wa nduthi anataka kujua vitu viwili: mikono ikinyooshwa, je, mkono wa jaketi unapanda hadi kiwiko? Na akiinama, mgongo unabaki wazi? Picha ikajibu yote.

Cha tatu, vipimo. Usiniambie "L." Mtumba unatoka nchi tofauti, na L ya lebo moja ni M ya nyingine. Lala jaketi chini, funga zipu, pima kwapa hadi kwapa. Yangu ilikuwa sentimita 58, yaani mzunguko wa 116. Mkono 65, mgongo 74. Nikaandika: "Pima jaketi yako inayokutosha, ulinganishe." Yale maswali ya saizi yakaisha.

Cha nne, kasoro. Ncha ya mkono wa kulia ilikuwa imesuguka. Nikaipiga picha kwa karibu, na sarafu ya shilingi kumi kando ili ukubwa uonekane. Nikageuza jaketi pia, nikaonyesha ndani, kwa sababu jaketi za aina hii zikizeeka, ile rangi ya plastiki ya ndani inabanduka kama ngozi. Yangu ilikuwa safi. Na sikuandika kwamba inazuia mvua. Niliimwagia maji, baada ya dakika chache yakaanza kupenya mshono wa bega. Kwa hivyo niliandika: inazuia upepo, manyunyu inavumilia, mvua kubwa hapana.

Kichwa kipya: "Jaketi nzito ya kuzuia upepo, ya nduthi au kazi ya usiku." Bei nikaiandika wazi, 1,700. Ndiyo, nilipandisha. Siku ya nne kuna jamaa alipiga simu, hakuuliza saizi, aliuliza tu tutakutana wapi. Tukakutana steji ya Taj (mall ilibomolewa 2018, lakini jina halijahama). Akaivaa, akanyoosha mikono vile tu ameona kwa picha, akaomba nimtolee mia. Ikaenda 1,600.

Sasa kuna watakaosema, "Wewe ulibahatika, watu wa huku wanaangalia bei tu." Wakati mwingine ni kweli, na kuna njia ya kujua. Kama hakuna anayeuliza kitu, shida ni picha na kichwa. Kama wote wanauliza swali moja, shida ni maelezo, jibu halipo. Lakini kama wanajua saizi, wanajua kasoro, wanajua mko wapi, halafu wanaishia kwenye bei, na wengine wanauza ile ile katika hali ile ile kwa pesa kidogo, basi shusha. Shusha mara moja, hadi mahali utasimama. Usiteremke ngazi moja moja watu wakikuangalia.

Na kubadilisha tangazo si kudanganya. Ukipiga picha ya kuficha doa, mteja ataliona mkiwa steji, na nauli yako imeenda bure.

Kwa hivyo kabla hujafuta 1,500 uandike 1,300 usiku wa leo, fungua hiyo posti yako uisome kama mgeni. Kama huwezi kujua ni ya nani, inatosha nani, na imeharibika wapi, si bei imekukwamisha. Panda rufu kesho asubuhi.