Hizo Presapu Mia Zenu Sizihesabu

Wasee, hii chalenji ya presapu 100 kwa siku hebu tuiongee. Kila nikifungua simu naona dogo wa miaka 14, kiuno kimezama, viwiko vimetanuka kama mabawa ya kuku, kidevu ndicho kinatangulia chini, na beshte yake anahesabu "arobaini na moja!" Kwangu hapo bado ni sifuri.

Shida si uvivu. Presapu ya sakafuni inakubebesha zaidi ya nusu ya uzito wako. Kama mwili haujazoea, tumbo linaachilia, mgongo unapinda na mabega yanaumia. Dawa ni kuinua mikono. Ukiweka mikono juu ya kitu, mzigo unapungua lakini zoezi linabaki lile lile.

Binamu yangu ana miaka 15. Sakafuni alikuwa na mbili safi, ya tatu kiuno kinalegea. Nikamhamishia kwa meza ya jikoni, tukaisukuma hadi ukutani isiteleze. Mikono upana wa mabega au zaidi kidogo. Viwiko vinaelekea nyuma kwa mshazari, si pembeni kabisa. Nikamwambia akaze makalio kama mtu anayezuia haja (alicheka, lakini mgongo ulinyooka hapo hapo). Kifua ndicho kinagusa meza, na kushuka ni sekunde mbili.

Tulianza na seti 3 za 8, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kila seti anaacha akihisi bado amebakisha mbili. Kiuno kikizama, hiyo haihesabiwi na seti imeisha. Alipofikisha 12 kwa seti zote tatu, siku mbili za mazoezi mfululizo, tukashusha mikono: kutoka meza hadi benchi, kisha ngazi ya pili, halafu sakafu. Kwa benchi alikwama wiki tatu na hatukulazimisha. Yote ilichukua wiki tisa.

Za magoti si mbaya, lakini mimi napenda meza kwa sababu unajifunza kushikilia mwili mzima tangu siku ya kwanza.

Na wazazi wanaosema mazoezi yatamfanya kijana abaki mfupi: hapana. Mazoezi ya nguvu yaliyofundishwa vizuri hayazuii kukua. Cha kuangalia ni aina ya maumivu. Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu makali kwenye kiungo, mkono au bega, unaacha siku hiyo. Yakikaa siku kadhaa, nenda hospitali, maana mifupa ya umri huo bado ina sehemu laini zinazokua na huwezi kuziangalia kwa macho.

Sasa hivi binamu anapiga sita za sakafuni. Mabeshte zake walimcheka, eti sita tu. Nikawaambia wazifanye vile vile, sekunde mbili kushuka, kifua mpaka chini. Aliyejitahidi zaidi alifika nne.