Si Kila Tumbo Kujaa ni Amiba

Katika familia zetu mtu akijaa tumbo, leo anaharisha na kesho amefunga choo, jibu huwa moja tu: "Ni amiba." Hununua vidonge dukani, na mwezi ujao hununua tena. Kwa maoni yangu, desturi hii inatuchelewesha kuutambua ugonjwa wenyewe.

Mama mmoja wa miaka 34 aliteseka hivyo miezi saba. Alimeza dawa za amiba mara tatu, ingawa choo chake kilipopimwa hakikuonekana na mdudu. Hatimaye mganga wa zahanati alimwambia aandike katika daftari, kwa wiki mbili, kila alichokula, dawa aliyomeza na jinsi choo kilivyotoka.

Daftari lilisema wazi. Siku tatu au nne alipata choo kigumu, vipande vidogo kama mavi ya mbuzi, huku tumbo likijaa. Siku iliyofuata tumbo lilimsokota, akatoa choo kigumu, kisha cha majimaji mara tatu, akapata nafuu. Hapo alimeza dawa ya kuzuia kuharisha, na kufunga choo kukaanza upya. Dawa yenyewe ilikuwa ikiuzungusha ugonjwa!

Utumbo mpana hufyonza maji. Uchafu ukipita polepole hukauka. Ukipita mbio hutoka majimaji. Kwa watu wengine mwendo huo hubadilikabadilika, na mishipa ya fahamu ya tumbo huhisi maumivu upesi, hata kwa gesi kidogo. Utumbo hauna kidonda, lakini maumivu ni ya kweli. Waganga huutambua ugonjwa huu maumivu yakirudi walau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yakiendana na kwenda choo au kubadilika kwa choo.

Mama yule aliacha ile dawa ya kuzuia kuharisha. Alikwenda chooni kila asubuhi baada ya uji, kwa maana chakula kikiingia tumboni huamsha utumbo mpana. Aliongeza maji, papai na uji wa shayiri kidogo kidogo, maana kuzidisha ghafla huongeza gesi. Maharage aliyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale kabla ya kupika. Baada ya wiki sita tumbo lilitulia, ingawa siku za wasiwasi mwingi humrudia.

Lakini tahadhari. Ukiona damu katika choo, ukikonda bila sababu, ukiwa na homa au upungufu wa damu, ukiamshwa usiku na kuharisha, au hali hii ikianza ukiwa umepita miaka 50, usikae na daftari nyumbani. Nenda hospitali upimwe, kwani huenda ni uvimbe, kifua kikuu cha tumbo au kidonda cha utumbo.

Wengine wote, kabla ya kununua vidonge vya nne, nunueni daftari.