Udogo wa kampuni usitozwe mara mbili

Washauri wengi wa biashara, wakipewa mradi wa kampuni ndogo isiyoandikishwa kwenye soko la hisa, huongeza pointi 3 au 5 juu ya kiwango cha kupunguzia mapato ya miaka ijayo, kwa hoja kwamba kidogo kina hatari zaidi. Kwa maoni yangu, nyongeza hiyo mara nyingi huua mradi mzuri.

Tuchukue kiwanda cha kukamua alizeti mkoani Singida. Mtambo mpya unagharimu Sh. milioni 100 na utafanya kazi miaka mitano. Mbegu zikipatikana, unaingiza milioni 38 kwa mwaka. Zikiadimika, milioni 18. Mwenye kiwanda anakadiria uhaba mwaka mmoja kati ya mitano, hivyo wastani ni milioni 34. Kwa kiwango cha asilimia 18, mapato hayo yana thamani ya leo ya milioni 106.3. Mradi unapita. Ongeza pointi 4 za udogo, thamani inashuka hadi milioni 97.4. Mradi umekufa.

Lakini uhaba wa mbegu, ambao ndio hatari kubwa ya kiwanda hiki, ulikwisha katwa pale milioni 38 zilipofanywa 34. Mshauri ameukata tena kwenye kiwango. Tena ameukata vibaya: pointi 4 zinapunguza mapato ya mwaka wa kwanza kwa kiasi cha asilimia 3, ila ya mwaka wa tano kwa asilimia 15. Je, mvua ya Singida inazidi kuwa mbaya kila mwaka kwa mpangilio huo?

Chimbuko la nyongeza hii ni Marekani. Mwaka 1981 Rolf Banz alionyesha kwamba hisa za makampuni madogo katika soko la New York zililipa zaidi ya ilivyotarajiwa kwa hatari yake. Baada ya hapo tofauti hiyo ilififia sana. Na hata ingebaki, zile ni kampuni zinazouzwa sokoni kila siku, kubwa mara nyingi kuliko mashine yetu ya alizeti.

Kuna jambo moja nakubali. Mwenye hisa katika kampuni kama hii hawezi kuziuza kesho akipata shida. Mbia mpya ana haki ya kudai bei nafuu kwa sababu hiyo, lakini adai kwenye bei ya hisa anayonunua. Mtambo haujui nani anaumiliki.

Ukiletewa hesabu yenye nyongeza ya udogo, muulize mshauri hatari gani hasa analipia, kisha tazama kama haimo tayari kwenye makadirio ya mapato. Akijibu tu kwamba “kampuni ni ndogo”, mwambie arudie hesabu bila zile pointi 4.