Picha ya mahafali na plasta ya kwenye uso (Sehemu ya 7)

Leo naomba tuongee kuhusu picha.

Ijumaa iliyopita alikuja mama mmoja na mwanawe wa miaka 6. Jumatano mtoto alianguka kwenye ngazi, akashonwa nyuzi tatu juu ya nyusi ya kushoto. Pembeni palikuwa na nundu, na damu ilikuwa imevilia mpaka kwenye kope. Jumamosi ni mahafali ya chekechea. Mama akaniambia, "Nesi, nitolee hii plasta, nitampaka faundesheni kidogo tu, picha zikiisha unamrudishia."

Nilikataa, na msimamo wangu ni huo huo leo: kinachofichwa kifichwe kwenye picha, siyo kwenye kidonda. Nyuzi za usoni kwa mtoto hukaa kama siku 5. Siku ya tatu kidonda bado hakijafunga vizuri. Ukipaka faundesheni pale unaingiza mafuta, rangi na vijidudu vya kwenye sponji uliyotumia mwezi mzima. Jioni utaisugua kuitoa, na uzi unaweza kuvutika. Kidonda kikiota usaha, kovu linakuwa kubwa, na hilo litaonekana kwenye picha zake zote zijazo.

Sasa tulifanyaje?

Kwanza, nilimbadilishia plasta. Ile kubwa nyeupe inayong'aa nikaiondoa mwenyewe, nikasafisha, nikaweka nyembamba ya kahawia isiyong'aa. Hiyo peke yake ilipunguza nusu ya tatizo.

Pili, uvimbe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 mpaka 15, mara kadhaa kwa siku, husaidia zaidi siku mbili za mwanzo. Huyu siku hizo zilishapita, kwa hiyo nilimwambia mama ukweli kwamba nundu haitaisha kesho. Wala asiikande kwa maji ya moto na kuisugua kama bibi zetu walivyofanya, unazidisha tu uvimbe.

Tatu, mwanga. Nundu inaonekana kwenye picha kwa sababu ya kivuli chake. Mwanga ukitoka pembeni, kivuli kinakuwa kirefu na nundu inaonekana kama yai. Kwa hiyo mtoto asimame kivulini, uso ukiangalia mahali penye mwanga, kwa mfano mlangoni. Siyo juani saa sita mchana. Kisha ageuze uso kidogo ili upande ulioumia uwe mbali na kamera. Na ile kofia ya mahafali isikandamize nyuzi, aishike mkononi. Inapendeza tu!

Nne, kuediti. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Mpiga picha aliweka filta ya kulainisha uso mzima. Plasta ilififia, lakini mtoto akawa kama mdoli. Paji la uso halina kinyweleo hata kimoja, wakati shingo na mikono ni ya mtoto wa kawaida. Bibi yake akauliza, "Huyu ni nani?"

Mama akarudi kwa mpiga picha, nikiwa nimeshamwelekeza cha kuomba: usiguse uso mzima, gusa palipoumia tu. Chini ya plasta hakuna ngozi ya kuonekana kwenye picha, kwa hiyo ngozi ichukuliwe upande wa pili, juu ya nyusi ya kulia, igeuzwe na kuwekwa kushoto. Weusi wa kwenye kope upunguzwe, usifutwe, maana kila kope ina kivuli chake cha asili. Nundu nayo ipunguziwe kivuli tu. Ukiisawazisha kabisa, nyusi inahama na sura inapotea.

Kujua kama imekubali, shika simu kwa urefu wa mkono. Jicho lako likikimbilia palipoediti kabla ya kuona tabasamu, bado. Halafu ikuze, linganisha paji la uso na shingo. Ngozi ziwe za mtu mmoja.

Picha ya pili ndiyo iko ukutani kwao. Ile yenye plasta nimemwomba asiifute. Siku mtoto akiuliza kovu lilitoka wapi, atamwonesha.

Kwa mtu mzima mwenye alama ya damu iliyovilia bila kidonda, konsila ni sawa. Kwa ngozi zetu nyeusi anza na ya rangi ya chungwa kidogo ili kuua ule uzambarau, kisha ya rangi ya ngozi yako, uipigepige kwa kidole. Ngozi ikiwa imechanika, hapana.

Na picha ya pasipoti isiediitiwe kabisa. Hiyo subiri uvimbe uishe, kwa kawaida alama hufifia ndani ya wiki mbili hivi.

Jambo la mwisho: mtoto aliyegonga kichwa akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida au akiwa haeleweki, acha mambo ya picha. Mlete hospitali sasa hivi.